Namba sita kati ya 49: nafasi ya kushinda ni kiasi gani?

*Nikichagua namba sita kati ya 49 kwenye bahati nasibu, nina nafasi gani ya kupata zawadi kuu? Na kuna namba zenye bahati kuliko nyingine?*

Ni moja kati ya 13,983,816. Ifuate hesabu mpira kwa mpira. Mpira wa kwanza ukitoka, yoyote kati ya namba zako sita inakufaa: 6/49. Ukiupata, mashine imebaki na mipira 48 nawe umebakiwa na namba tano: 5/48. Kisha 4/47, 3/46, 2/45, na wa mwisho 1/44. Zidisha zote sita, jibu ndilo hilo.

Wengi huzidisha 49 × 48 × 47 × 46 × 45 × 44, wakapata 10,068,347,520 na kuishia hapo. Kosa ni kwamba hapo umehesabu na utaratibu wa kutoka, wakati tiketi haijali kama 3 imeitangulia 40 au 40 imeitangulia 3. Namba sita hupangika kwa njia 720, kwa hiyo gawanya kwa 720.

Anayenunua tiketi moja kila wiki angesubiri, kwa wastani, miaka 268,900 hivi. Kupatia namba tatu tu ni rahisi zaidi, mara moja katika tiketi 57 hivi. Nne tayari ni moja kati ya 1,032. Na takriban tiketi 44 katika kila 100 hazipatii hata namba moja.

Namba zenye bahati hazipo. Mipira haikumbuki droo iliyopita, na 1, 2, 3, 4, 5, 6 ina nafasi sawasawa na mchanganyiko mwingine wowote. Kinachobadilika ni idadi ya watu utakaogawana nao. Uingereza, tarehe 14 Januari 1995, zilitoka 7, 17, 23, 32, 38 na 42. Washindi wakawa 133, na zawadi ya zaidi ya pauni milioni 16 ikamfikia kila mmoja pauni 122,510 tu. Namba hizo zilikuwa safu za katikati za karatasi ya kuchagulia, na mkono wa mtu hupenda kuweka alama huko katikati. Wengine huchagua tarehe za kuzaliwa, kwa hiyo hurundikana kwenye 1 hadi 31. Basi ukicheza, changanya na namba za juu ya 31, usifuate mstari wala umbo. Nafasi ya kushinda haitaongezeka hata chembe, ila ukishinda huenda mkawa wachache.

Kabla ya yote, hesabu mipira ya mchezo wenyewe. Oktoba 2015 Waingereza waliongeza kumi tu, ikawa 59, na nafasi ikaporomoka hadi moja kati ya 45,057,474.