Kariokor, Kariakoo na mistari miwili ya jedwali

Ofisini kwetu, kando ya Barabara ya Ngong, tunageuza karatasi za zamani kuwa maandishi ya kompyuta. Karatasi inapigwa skani, programu inasoma herufi, kisha sisi tunapima imekosea kiasi gani kwa kulinganisha ilichosoma na nakala iliyochapwa na mtu mwenye subira. Kipimo chenyewe ni umbali wa uhariri: idadi ndogo kabisa ya herufi za kuongeza, kufuta au kubadilisha ili maandishi ya kwanza yawe sawasawa na ya pili. Mara nyingi huitwa umbali wa Levenshtein, kwa jina la mwanahisabati wa Kisovieti aliyeueleza mwaka 1965.

Nilianza kuutumia kwa maneno mafupi, na neno ninalolipenda kuelezea ni la hapa hapa mjini. Wapagazi Waafrika waliobebea jeshi la Waingereza mizigo katika Vita vya Kwanza vya Dunia waliitwa Carrier Corps. Nairobi jina hilo likawa Kariokor, Dar es Salaam likawa Kariakoo. Masikio mawili, sauti moja. Je, majina haya yako mbali kiasi gani?

Herufi nne za mwanzo, KARI, ni zilezile, na kipande cha mwanzo kinachofanana kinaweza kukatwa bila kubadilisha jibu. Tunabaki na AKOO na OKOR. Jicho linaona jibu haraka, ila kompyuta haina jicho, na ikijaribu kila njia ya kufuta na kuongeza itakesha. Hapo ndipo upangaji dainamiki unapoingia: tatua vipande vidogo kwanza, andika majibu kwenye jedwali, usirudie hesabu uliyokwisha kufanya.

Kila kisanduku cha jedwali kinajibu swali moja dogo. Kisanduku cha mstari wa i na safu ya j kinasema ni hatua ngapi zinatosha kugeuza herufi i za mwanzo za neno la kwanza kuwa herufi j za mwanzo za neno la pili. Mstari wa juu kabisa ni rahisi: kutoka patupu hadi herufi tatu ni kuongeza mara tatu. Safu ya kushoto nayo ni kufuta tu.

Kwa visanduku vingine, tazama herufi ya mwisho ya kila kipande. Unaweza kuifuta ya neno la kwanza, basi unachukua namba ya juu na kuongeza moja. Unaweza kuongeza ya neno la pili, basi unachukua namba ya kushoto na kuongeza moja. Au unazioanisha herufi mbili hizo, basi unachukua namba ya pembeni, juu-kushoto, na kuongeza moja kama zinatofautiana au kuiacha ilivyo kama ni ileile. Ndogo kuliko zote ndiyo inayoandikwa. Hakuna njia ya nne.

```
         O  K  O  R
      0  1  2  3  4
  A   1  1  2  3  4
  K   2  2  1  2  3
  O   3  2  2  1  2
  O   4  3  3  2  2
```

Tukae kidogo kwenye mstari wa K, safu ya K. Juu yake pana 2, kushoto pana 2, pembeni pana 1. Kufuta kungetupa 3, kuongeza 3. Lakini herufi ni ileile, kwa hiyo 1 ya pembeni inashuka bila gharama. Jibu la mwisho liko kwenye kona ya chini kulia: 2. Ukirudi kutoka kona hiyo kwa kufuata kila namba ilikotoka, unapata hatua zenyewe: O ya mwisho ikawa R, O na K zikabaki, A ikawa O.

Jedwali hili lina visanduku 25 na halimsumbui mtu. Mambo yalibadilika siku tulipoacha maneno tukaanza kulinganisha ripoti nzima. Ripoti moja ilikuwa na herufi kama 20,000 kila upande, yaani visanduku milioni 400. Katika Python, jedwali la orodha ndani ya orodha linatumia baiti 8 kwa kila kisanduku kuelekeza tu mahali namba ilipo, kwa hiyo gigabaiti 3.2 zimekwisha kabla hujahesabu namba zenyewe. Namba ndogo, hadi 256, Python huzihifadhi mara moja na kuzitumia tena, lakini umbali katika maandishi marefu unapita hapo mapema sana, na kila namba kubwa inadai nafasi yake. Laptopu yangu ina gigabaiti 8. Niliondoka kwenda kutafuta chai ya saa nne, nikarudi nikakuta neno moja kwenye skrini: `Killed`.

Tazama tena jedwali. Kila kisanduku kinauliza majirani watatu tu: wa juu, wa kushoto na wa pembeni. Wawili wako kwenye mstari uliopita, mmoja yuko kwenye mstari huu huu. Ukiwa unajaza mstari wa O ya mwisho, mstari wa A hauna kazi tena. Kwa hiyo tunza mistari miwili, uliopita na unaojazwa, na mingine yote uitupe.

```python
def umbali(a, b):
    if len(b) > len(a):
        a, b = b, a
    juu = list(range(len(b) + 1))
    chini = [0] * (len(b) + 1)
    for i in range(1, len(a) + 1):
        chini[0] = i
        for j in range(1, len(b) + 1):
            gharama = 0 if a[i-1] == b[j-1] else 1
            chini[j] = min(juu[j] + 1,
                           chini[j-1] + 1,
                           juu[j-1] + gharama)
        juu, chini = chini, juu
    return juu[-1]
```

Mistari miwili ya msimbo chini ya `def` inahakikisha neno fupi ndilo linalolala juu, maana urefu wa mstari ndio unaokula nafasi. Umbali ni uleule ukienda au ukirudi, hivyo kuyapindua maneno hakuharibu kitu. Kwa ripoti ile, visanduku milioni 400 vikawa 40,002. Muda haukupungua hata chembe: hesabu zile milioni 400 bado zinafanywa zote, na Python tupu inazifanya kwa dakika kadhaa. Kilichopona ni nafasi.

Sasa ule mstari wa kubadilishana, `juu, chini = chini, juu`. Mimi mara ya kwanza niliandika `juu = chini`, nikaona mambo ni shwari. Si shwari. Katika Python hilo halinakili orodha. Linayapa majina mawili orodha moja, na kuanzia mstari wa pili unakuwa unasoma mahali palepale unapoandika. Namba ya pembeni uliyoihitaji umeshaifuta hatua moja nyuma.

Ubaya wa kosa hili ni kwamba halipigi kelele. Programu inamaliza na namba inatoka. Kwa AKOO na OKOR, mstari wa A unatoka sahihi, kwa sababu orodha bado ni mbili. Mstari wa K, badala ya `2 2 1 2 3`, unatoka `2 2 2 3 4`: ile 1 iliyotakiwa kushuka pembeni haipo tena. Mwisho jibu linakuwa 5. Na hapo ndipo nilipolikamata, kwa sababu 5 haiwezekani. Maneno ya herufi nne kwa nne hayawezi kupishana zaidi ya 4. Ukibadilisha kila herufi, umemaliza. Umbali hauzidi urefu wa neno refu. Pia linganisha neno na lenyewe: lazima upate 0. Msimbo wangu mbovu ulipopewa `KA` na `KA` ulijibu 1. Ila usijaribu kwa neno la herufi moja, maana hilo lina mstari mmoja tu wa kujaza na litapita salama huku kosa limejificha.

Unaweza kubana zaidi, ukabaki na mstari mmoja na namba moja ya pembeni uliyoiweka kando kabla ya kuifuta. Mimi siuoni faida: unaokoa chini ya megabaiti moja na unampa kazi atakayeusoma msimbo baada yako.

Shida ya kweli ya mistari miwili ilikuja kutoka kwa mwenzangu anayesimamia programu ya kusoma. Nilimpelekea idadi ya makosa. Akaitazama, akaniuliza, "Sawa kaka, lakini ni herufi zipi?"

Sikuwa na jibu. Kwenye jedwali zima ningerudi kutoka konani nikifuata nyayo. Lakini nilibaki na `3 2 2 1 2` na `4 3 3 2 2` tu. Najua makosa ni mawili, ya pili naweza kuibahatisha, ya kwanza ilitupwa pamoja na mstari wake.

Dawa yake ilichapishwa na Dan Hirschberg mwaka 1975, na ninaipenda kwa jinsi inavyotumia mistari ileile miwili. Kata neno la kwanza katikati: AK na OO. Kwa AK, jaza kutoka mwanzo na ubaki na mstari wa mwisho: `2 2 1 2 3`. Kwa OO, jaza kutoka mwisho ukirudi nyuma, ili kila namba iseme OO iko mbali kiasi gani na kilichobaki cha OKOR baada ya kukatwa hapo: `2 2 1 2 2`. Jumlisha safu kwa safu: `4 4 2 4 5`. Ndogo ni 2, kwenye safu baada ya herufi mbili. Basi OKOR ikatwe hapo: AK inaenda na OK, OO inaenda na OR. Kila jozi unaifanyia vilevile hadi ubaki na herufi moja, na orodha ya hatua inajitokeza yenyewe. Unalipa takriban mara mbili ya muda, kwa sababu kila mzunguko eneo la kuhesabu linapungua nusu: zima, nusu, robo, na kuendelea. Nafasi inabaki ya mistari michache.

Niliiacha ikimbie usiku kwenye ripoti zote. Asubuhi tukafungua orodha ya herufi zilizobadilishwa, na kosa lililoongoza halikuwa herufi kabisa. Lilikuwa alama ya ng'ombe na ng'ambo. Mchapaji wetu alitumia `'`, U+0027. Programu ya kusoma ilitoa `’`, U+2019. Kwa macho ni neno moja, kwa jedwali ni hatua moja, kila mara. Sasa tunazigeuza zote kuwa moja kabla ya kupima, na mwenzangu amekubali tena kusoma namba zangu.