Kunguni, viroboto au mbu? Namna ya kusoma vipele na kumtafuta anayekuuma

"Dada, naamka asubuhi nina vipele mkononi na shingoni, vitatu vinne vimefuatana. Mume wangu tunalala kitanda kimoja na hana hata kimoja. Chandarua tunacho. Ni mbu hawa?"

Mi hapo nawaza kunguni kwanza. Kunguni haruki wala hapai, anatembea kwenye ngozi pale nguo inapoishia, anadunga, ukijigeuza anasogea kidogo anadunga tena, ndo maana vipele vinafuatana au vinakaa kifungu mkononi, shingoni, begani. Na chandarua hakimzuii kwa sababu yeye anaishi humo humo kitandani na nyinyi. Mumeo kutokuwa na vipele hakumaanishi haumwi, kuna watu ngozi zao hazionyeshi chochote, na wengine alama zinatokea baada ya siku kadhaa.

Mbu ni tofauti, alama zake zimetawanyika ovyo, zinavimba na kuwasha dakika chache tu baada ya kuumwa. Viroboto nao wanapenda chini ya goti na kwenye vifundo vya miguu, vipele vidogo vyekundu vyenye kidoa katikati, na wanauma hata mchana umekaa zako sebuleni. Ila usiape kwa mstari peke yake, viroboto pia wanaweza kuuma kwa kufuatana. Ngozi inakuelekeza pa kutafuta tu, ushahidi uko kitandani.

"Sasa nitahakikishaje?"

Usiku wa manane washa tochi, inua godoro ukague mishono yake, halafu chaga, matundu ya misumari na ule ubao wa kichwani. Unatafuta vidoa vyeusi kama vya kalamu ya wino, maganda ya kahawia, mayai meupe madogo sana, au mwenyewe kabisa, bapa, milimita 5 hivi. Kidoa ukikipangusa na pamba yenye maji kikiacha rangi ya kahawia au wekundu, hicho ni kinyesi chake, ni damu aliyoimeng'enya.

Kitandani kukiwa safi na vipele viko miguuni, vaa soksi nyeupe ndefu utembee taratibu kwenye zulia na pale anapolala paka, viroboto watarukia soksi na utawaona.

"Ni kunguni kweli, nimewaona kwenye chaga. Nimepuliza ile dawa ya mbu ya kopo kila siku hawaishi, nifanyeje?"

Kunguni wengi wameshakuwa sugu kwa dawa za aina hiyo, na mayai ndo kabisa hayaguswi, afu ukipuliza wanatawanyika ukutani na kwa jirani. Joto ndo linawamaliza. Mashuka, foronya na nguo za karibu na kitanda zifungie kwenye mfuko humo humo chumbani ili usiwamwage njiani, kisha loweka kwenye maji ya moto sana, nyuzi 60 kwenda juu. Kitanda kifungue chote, chaga zitoe nje, mwagia maji yanayochemka kwenye kila ufa na kiungio, watoto wakiwa mbali. Godoro kulianika juani tu hakutoshi maana wanahamia upande wa kivuli, bora ulivalishe kava la zipu lisilo na tundu na usilivue mwaka mzima, kwa sababu kunguni anaweza kukaa miezi mingi bila kula.

Kisha sogeza kitanda kisiguse ukuta, shuka lisifike chini, na kila mguu wa kitanda uweke kwenye bakuli la maji ya sabuni. Endelea kulala hapo hapo, ukihamia kwenye kochi watakufuata. Mayai yanaanguliwa ndani ya wiki 1 hadi 2 kwa hiyo rudia maji ya moto kila wiki, ukiona vidoa vipya jua bado wapo. Kama ni nyumba ya kupanga ongea na wenzako mfanye siku moja, chumba kimoja kikibaki wanarudi. Na tafadhali sana, usipake petroli, mafuta ya taa wala dawa ya shambani kwenye godoro, watu wameungua na watoto wamedhurika kwa sumu hivyo.

"Na wangekuwa viroboto wa paka?"

Unaanza na paka mwenyewe, dawa ya vet iliyoandikwa ni ya paka, kwa sababu dawa ya mbwa yenye permethrini inaweza kumuua. Fua matandiko yake, fagia pembeni na chini ya zulia kila siku, taka choma. Wataendelea kutoka wiki kadhaa maana walioko kwenye vifukofuko dawa haiwapati, usikate tamaa ukawacha kufagia.

"Vipele vinawasha sana, mtoto anajikuna mpaka damu."

Kitambaa cha maji baridi, losheni ya kalamaini, kata kucha zake. Kipele kikitoa usaha au wekundu ukisambaa na ngozi ikawa ya moto mpeleke kituo cha afya. Kunguni hawajulikani kuambukiza magonjwa, lakini mbu wanaleta malaria, kwa hiyo mtoto akiwa na homa akapimwe siku hiyo hiyo hata kama kunguni umeshawaona kwa macho yako.