Kiuno kimoja, nusukipenyo tatu: jinsi ya kukata sketi ya duara

Sketi nyingi za duara zinazoletwa kurekebishwa katika darasa letu la ushonaji huwa na kasoro ile ile: kiuno kimepwaya. Aliyeikata alipiga hesabu sawa, ila akasahau kitambaa kinacholiwa na mshono.

Tuanze na hesabu yenyewe. Tundu la kiuno kwenye sketi ya duara kamili ni duara zima, kwa hiyo kipimo cha kiuno hugawanywa kwa 6.28, yaani pai mara mbili, ili kupata nusukipenyo. Nusu duara ina nusu tu ya mzingo huo, hivyo unagawanya kwa 3.14. Robo duara unagawanya kwa 1.57. Kiuno cha sentimita 72 kitatoa takriban 11.5, 22.9 na 45.9. Kadiri sketi inavyopungua mawimbi, ndivyo nusukipenyo inavyokuwa ndefu.

Namba hizo ni za mstari wa mshono, si za mkasi. Chukua sketi ya nusu duara yenye mshono mmoja wa nyuma utakaowekwa zipu. Kingo zake mbili zilizonyooka zikiliwa sentimita 1.5 kila moja, kiuno kitapoteza 3. Basi ziongeze kwanza: 72 na 3 ni 75. Gawanya kwa 3.14, upate 23.9. Halafu toa sentimita 1 ya kushonea mkanda, ubaki na 22.9. Hapo ndipo pa kupitisha mkasi.

Wengi hushangaa kwamba tunatoa badala ya kuongeza. Ukingo wa kiuno ni tundu, na mshono unaposhuka sentimita 1 ndani ya kitambaa, tundu linapanuka. Usipotoa hiyo 1, kiuno cha nusu duara kitazidi kwa sentimita 3.1, na cha duara kamili kwa 6.3. Kwenye robo duara kinazidi 1.6 tu, ndiyo maana kosa hilo huko halionekani haraka.

Kitenge cha upana wa sentimita 114 hakitoshi duara kamili la sketi ya urefu wa 60, kwa sababu linahitaji upana wa karibu 146. Likate kwa nusu mbili. Sasa mishono ni miwili na kingo ni nne, kwa hiyo unaongeza 6 kwenye kiuno badala ya 3.

Ukitaka kutumia lastiki bila zipu, piga hesabu kwa kipimo cha nyonga, la sivyo sketi haitapita.

Ukishakata, usiishike sketi kwa kuining'iniza kiunoni. Sehemu ya ukingo huo imekatwa hanamu na hutanuka kwa uzito wake. Pitisha kwanza mshono mmoja wa mashine kuuzunguka, upande wa ukingo, karibu kabisa na mstari wa mkanda, kisha simamisha futi kamba kwa ubavu wake na ufuate mkunjo wa mstari huo. Kwa nusu duara ya mfano wetu, isome 75. Ikiwa imezidi, usikate tena. Punguza kwenye mshono wa nyuma kabla ya kuweka zipu. Pindo liache hadi sketi ining'inie usiku mzima ikiwa na mkanda wake, maana sehemu za hanamu hushuka zaidi ya nyingine.