Wageni 90 walijibu "nakuja" kabla hawajafungua mwaliko

Harusi ya kwanza niliyoitengenezea tovuti, nilidhani sehemu ya majibu ndiyo rahisi kuliko zote. Kila familia niliitumia barua pepe yenye viungo viwili, "Tutakuja" na "Hatutaweza". Mgeni akibofya kimoja, seva inaandika jibu lake, basi. Barua zilipotoka, dakika chache baadaye bibi harusi alinipigia kwa furaha kwamba watu 90 wamekubali.

Nilipofungua hifadhidata, furaha ikaniishia. Majibu yalikuwa yameingia kwa kupishana sekunde moja au mbili, kwa mpangilio uleule wa orodha yangu ya kutuma. Baadhi ya familia zilikuwa na "ndiyo" na "hapana" kwa wakati mmoja. Hakuna binadamu anayejibu hivyo. Waliojibu walikuwa mitambo: mifumo mingi ya barua pepe hufungua viungo vilivyomo ili kukagua kama vina hatari, na programu za ujumbe hufungua ukurasa ili zipate kichwa na picha ndogo ya kuonyesha chini ya kiungo. Mimi nilikuwa nimeufanya ufunguaji wa ukurasa uwe ndilo jibu lenyewe.

Kiungo kinapobofywa, kivinjari hutuma ombi la aina ya `GET`. Kanuni za wavuti (RFC 9110 ya mwaka 2022, na zilizoitangulia) zinalihesabu ombi hilo kuwa la kusoma tu: anayelituma haombi kitu chochote kibadilishwe. Ndiyo maana mitambo hulituma bila wasiwasi. Kosa lilikuwa langu. Siku hizi kiungo kinamfikisha mgeni kwenye ukurasa wake, na jibu linaandikwa pale tu anapobonyeza kitufe cha fomu inayotuma `POST`:

```html
<form method="post" action="/m/9f3ac27be104d85c">
  <button name="jibu" value="ndiyo">Nitakuja</button>
  <button name="jibu" value="hapana">Sitaweza</button>
</form>
```

Zile herufi na tarakimu ndefu ni alama ya mwaliko mmoja, nazo naziunda kwa `openssl rand -hex 8`. Ukitumia namba za mfululizo, mwenye `/m/57` atajaribu `/m/58` na kusoma majina ya familia nyingine, pengine hata kuwajibia. Alama hiyo pia inamwondolea mgeni kazi ya kuandika jina lake, jambo linalozaa fujo kubwa kuliko watu wanavyofikiri: mwenye orodha kaandika "Mama Asha", mgeni anaandika jina la kwenye kitambulisho, nawe unabaki kukisia kama ni mtu mmoja.

Mwaliko na mgeni ni vitu viwili, kwa hiyo vinahitaji majedwali mawili. Mwaliko mmoja wa familia unaweza kuwa na watu wanne; wawili waje, mmoja asiweze, na wa nne bado hajui. Kwa hiyo fomu kamili inamwonyesha kila mtu kwa jina lake, na safu ya `anakuja` ina hali tatu: kweli, si kweli, au tupu. Usiiwekee "hapana" kama thamani ya kuanzia. Aliyekataa umeshamalizana naye, aliyekaa kimya unapaswa kumpigia simu, na ukishawachanganya huwezi tena kuwatenganisha.

```sql
SELECT anakuja, COUNT(*) FROM wageni
GROUP BY anakuja;
```

Mstari wenye `NULL`, yaani tupu, unaonyesha idadi ya watu wa kupigiwa simu wiki hiyo. Kwa kongamano mambo ni mepesi zaidi, kwa kuwa kila mtu hujiandikisha mwenyewe.

Tarehe ya mwisho ikipita, funga vitufe lakini uache ukurasa wazi. Wageni hurudi kwenye kiungo kilekile siku ya tukio, wakiwa njiani, kutafuta ratiba na mahali. Kwa sababu hiyo viwili hivyo nimeviweka juu ya ukurasa huo, kwa maandishi mepesi yanayofunguka hata mtandao ukiwa dhaifu. Kiungo cha ramani nakitengeneza kwa latitudo na longitudo za lango lenyewe, nilizozichukua nikiwa nimesimama pale, maana jina la ukumbi mara nyingi humpeleka dereva katikati ya kiwanja au nyuma ya ukuta.

Kwenye ratiba naandika "saa 4:00 asubuhi", kama tunavyosema. Faili ya kalenda ya `.ics` ni habari nyingine: humo saa hiyo ni `T100000`, pamoja na ukanda wake wa saa. Niliwahi kuandika `T040000`, yaani saa kumi usiku, na mgeni mmoja akaamshwa na kikumbusho cha simu yake nusu saa kabla, saa tisa na nusu usiku.