Rasimu haipitiwi "mara moja tu"

Wiki hii nimeletewa tena mswada na ujumbe ule ule: "Nipitie mara moja tu, kuna makosa madogo madogo." Mwenye mswada anaamini kwamba mhariri mzuri husoma kutoka juu hadi chini na kurekebisha kila anachokutana nacho. Kwa Kiswahili hasa, njia hiyo huzalisha makosa mapya, na nitaonyesha yanakotoka.

Tuchukue aya hii, niliyoitunga kwa mfano:

«Mtumbwi mkubwa wa marehemu baba yake ambao ulikuwa umechakaa sana ulikuwa umefungwa kwenye mkoko. Bakari aliuangalia kwa huzuni kubwa sana kwa kuwa alijua ya kwamba kesho ungeuzwa. Alikuwa amefika ufukweni alfajiri na mapema.»

Mzunguko wa kwanza ni wa mpangilio peke yake. Kufika kwa Bakari kunatangulia, kuuzwa kunabaki mwisho. Zile "sana" mbili zinakera, lakini siziondoi bado, kwa sababu sentensi ninayoing'arisha sasa huenda nikaifuta yote baada ya dakika kumi. Nikishaing'arisha, nitaionea huruma na kuiacha mahali isipofaa.

Mzunguko wa pili ni wa kukata. "Ambao ulikuwa umechakaa sana" inakuwa "uliochakaa". "Kwa huzuni kubwa sana" inaondoka, maana chombo cha marehemu kinachouzwa kesho kinatosha kumwonyesha msomaji huzuni. Tunabaki na: «Bakari alifika ufukweni alfajiri. Mtumbwi mkubwa uliochakaa wa marehemu baba yake ulikuwa umefungwa kwenye mkoko. Aliuangalia. Kesho ungeuzwa.»

Mzunguko wa tatu unauliza kama kila neno ni la kweli. Mbele katika hadithi hii, baba alikuwa akitweka tanga na kwenda mbali, na chombo chake kina mbao za pembeni zinazokizuia kisipinduke. Basi hiyo ni ngalawa. Nabadilisha nomino, na hapo upatanisho wa aya nzima unavunjika: mkubwa, uliochakaa, wa, ulikuwa, umefungwa, aliuangalia, ungeuzwa. Sehemu saba, kwa sababu ya nomino moja!

Ndiyo maana nakasirika nikiambiwa nianze na sarufi. Anayesahihisha upatanisho kwanza atalazimika kuusahihisha tena kila nomino inapobadilika, na mara ya pili macho yake yamechoka. Kompyuta nayo itabadilisha "mtumbwi" kuwa "ngalawa" kila mahali na kuacha viambishi vyote vya zamani. Kinachoponyoka mara nyingi ni kiambishi cha mtendwa, kwa kuwa kimejificha katikati ya kitenzi: "aliuangalia" inapita mbele ya macho kama neno sahihi, na kweli ni sahihi, ila haizungumzii tena ngalawa. "Yake" iliyo baada ya "baba" isiguswe, hiyo ni ya baba. Mimi huukagua upatanisho karibu na mwisho, nikianza na sentensi ya mwisho ya ukurasa na kurudi juu, ili hadithi isinibebe, na kila kitenzi nakiuliza nomino yake iko wapi. Tahajia na alama za uakifishi hufuata, na hazina maelezo marefu.

Kabla ya upatanisho kuna mzunguko wa sauti: nasoma kwa sauti, kalamu mkononi, na kuweka alama pale ulimi unapokwama. Hapa sina uhakika kamili, kwa kuwa mizunguko haitengani kama ninavyoipanga. Katika aya yetu, "alfajiri" ikibaki peke yake inaikata sentensi ghafla mno, kwa hiyo narudisha "na mapema" niliyoiondoa. Je, nilikosea kuikata? Sidhani. Niliikata kwa sababu haiongezi habari, nimeirudisha kwa sababu ya pumzi. Sababu mbili tofauti, na zote naweza kuzitaja.

Hilo ndilo ninalolitumia kujua wakati wa kuacha. Kila mzunguko nauhifadhi katika faili lake, kisha nalinganisha faili mbili za mwisho. Neno likirudi kwa sababu ninayoweza kuitaja, kazi bado inaendelea. Nikikuta nimebadilisha "aliiangalia" kuwa "aliitazama", kisha nikairudisha, na siwezi kusema kwa nini, naacha hapo hapo. Natazama pia rasimu ya kwanza: kama sentensi yake ina uhai kuliko yangu, nairudisha ya mwandishi. Kuna waandishi wanaotaka mzunguko mmoja zaidi hata hapo, nami huwakatalia, kwa sababu kinachobadilika sasa ni ladha ya mhariri, na hadithi si yangu.

Aya yetu iliishia hivi: «Bakari alifika ufukweni alfajiri na mapema. Ngalawa kubwa iliyochakaa ya marehemu baba yake ilikuwa imefungwa kwenye mkoko. Aliiangalia. Kesho ingeuzwa.»