Intaneti ipo, PS4 inagoma: angalia diski kabla hujanunua ruta nyingine

Mama mmoja mwenye kibanda cha gemu kule Mbalizi alinifuata hapa Mwanjelwa na PS4 ndani ya kikapu, imefunikwa kanga kwa sababu ya mvua. Nikamwamkia, akaitikia, na kabla hajakaa akaanza: "Mwanangu, nimebadilisha laini mara mbili, nimenunua na ruta, na hiki kidude bado hakiingii mtandaoni. Vijana wanahamia kwa jirani."

Kesi za namna hii huletewa nyingi msimu wa radi, na mara nyingi ruta haina kosa lolote. Niliunganisha mashine kwenye waifai yangu, nikaenda `Settings`, `Network`, kisha `Test Internet Connection`. Yanatokea majibu, na matatu ya juu ndiyo ya kusoma kwa makini. `Obtain IP Address` ilisema `Successful`, maana yake ruta imeitambua mashine na kuipa anwani. `Internet Connection` nayo `Successful`, yaani mashine imetoka nje ikafika mtandaoni. Ya tatu, `PlayStation Network Sign-In`, ikasema `Failed`. Barabara ilikuwa nzima, geti ndilo lililofungwa. Hapo hata ungeweka laini ya kumi, jibu lingekuwa lile lile.

Geti hilo hufungwa kwa sababu chache. Nywila inaweza kuwa imekosewa, au seva za PlayStation zenyewe ziko chini siku hiyo, jambo unaloweza kulithibitisha kwa simu kwenye ukurasa wao wa hali ya huduma. Lakini sababu ninayoikuta zaidi ni mfumo wa mashine kuwa nyuma kwa toleo. PS4 yenye mfumo wa zamani hairuhusiwi kuingia kwenye akaunti mpaka iapdetiwe. Na gemu la mpira likiwa nyuma, halikupi mechi ya mtandaoni hata kama akaunti imefunguka, kwa kuwa wachezaji wawili lazima wawe na toleo moja.

Basi swali likawa, kwa nini haiapdeti? Kijana wake alikuwa amejaribu wiki nzima, bando likaisha mara mbili. Nilifungua `Notifications`, nikaingia `Downloads`, nikakuta mizigo miwili imekwama: apdeti ya mfumo iliyokatika umeme ulipozimika, na apdeti ya gemu, ambayo kila ikimaliza kushuka inadai nafasi haitoshi.

Hii ya pili ndiyo inayowachanganya watu. Apdeti ilikuwa ya GB 3 tu, na diski ilikuwa na GB 11 tupu. Kwa hesabu ya kawaida inaingia na chenji inabaki. Ila PS4 haichomeki vipande vipya ndani ya gemu lililopo. Inashusha apdeti, halafu inatengeneza nakala ya gemu pembeni na kuunganisha mpya na ya zamani humo, na ikishakamilika ndipo inafuta la kwanza. Ukiona neno `Copying` linatambaa taratibu, ndicho kinachofanyika. Gemu lake lilikuwa na GB 48. Ukijumlisha na 3, ulihitaji kama GB 51 tupu kwa muda ili apdeti ya GB 3 ikubali kukaa. Na diski inayouzwa kama ya GB 500 inakuachia GB 400 na kidogo za kutumia, kwa hiyo kibandani hujaa upesi.

Nilianza na mfumo, kwa sababu apdeti mpya za magemu nyingine hazikubali kufunguka juu ya mfumo wa zamani. Kwanza nilifuta ule mzigo uliokatika: unasimama juu yake kwenye `Downloads`, unabonyeza OPTIONS kwenye padi, unachagua kufuta. Usipoufuta, mashine inaweza kuendelea kushika faili lile lile bovu. Kisha nikazima kabisa, nikashikilia kitufe cha kuwasha kama sekunde 7 mpaka mlio wa pili, nikachomeka padi kwa waya. Hapo waya ni lazima, bila waya padi haisomwi. Inafunguka `Safe Mode`, na namba 5, `Rebuild Database`, inapanga upya orodha ya vilivyomo kwenye diski. Haifuti magemu wala sevu. Namba 6 na 7 ndizo zinazofuta kila kitu, na nimeshapokea mashine ambayo dogo mmoja alibonyeza 7 kwa haraka akapoteza sevu za miaka miwili.

Mfumo wenyewe niliuweka kwa flashi, umeme usije ukanikata tena katikati ya kushusha. Faili linatoka kwenye tovuti rasmi ya PlayStation, na flashi iwe imefomatiwa FAT32 au exFAT. Likae hivi, herufi kubwa zote:

```
PS4/UPDATE/PS4UPDATE.PUP
```

Yule kijana naye alikuwa amejaribu flashi, akapata `SU-41333-4`, yaani mashine haikuliona faili inalolitaka. Nilipoichomeka kwenye kompyuta nikakuta `PS4UPDATE (1).PUP`. Alilishusha kwa simu, la kwanza likakatika, akarudia, simu ikaongeza namba moja kwenye jina. PS4 haibembelezwi kwenye jina. Tena lile la kwanza, ambalo jina lake lilikuwa sahihi, lilikuwa nusu ya ukubwa wa hili la pili. Ndiyo maana huwa nalinganisha ukubwa wa faili na ule ulioonyeshwa wakati wa kushusha kabla sijaliamini. Nikarekebisha jina, nikarudi `Safe Mode`, namba 3, mfumo ukapanda bila tatizo. Akaunti ikafunguka.

Ikabaki nafasi. Kwenye `Settings`, `Storage`, nilikuta `Capture Gallery` imebeba GB 23. Vijana wakifunga goli zuri wanabonyeza SHARE, video inabaki humo, hakuna anayeitazama tena. Nikafuta zote kwa idhini ya mama. 11 na 23 ni 34, bado haijafika 51. Tukaondoa gemu moja la magari la GB 38 ambalo halichezwi, tukawa na 72. Kufuta gemu hakugusi sevu zake, zinakaa sehemu nyingine, hivyo akilirudisha ataendelea alipoishia. Nikaufuta mzigo wa gemu la mpira uliokwama, nikaanzisha upya. GB 3 zikashuka, `Copying` ikaenda kama dakika 40, na mechi ya kwanza ya mtandaoni ikafunguka hapo hapo kwenye meza yangu.

Kama hataki kufuta magemu kila mara, anaweza kuongeza diski ya nje ya USB 3.0, kuanzia GB 250 hadi TB 8, mradi mfumo uwe 4.50 au zaidi. Flashi ya kawaida haikubaliki kuhifadhia magemu.

Kitu kimoja nilimwambia akiangalie. Nafasi ikiwepo, umeme ukiwa haujakatika, na bado apdeti inashuka ikiwa mbovu, au `Copying` inaganda sehemu moja kwa masaa na diski inatoa mlio wa tik-tik, hapo diski yenyewe inakufa na `Rebuild Database` haitaiponya. Hapo ni kunakili sevu kwenye flashi mapema, kufunga diski mpya ya inchi 2.5, ndipo namba 7 inakuwa na kazi, na faili lake ni lile kubwa la kusakinisha mfumo wote, la zaidi ya GB 1. Lile dogo la kuapdeti litakataliwa.

"Na ruta je?" akauliza akifunga kanga juu ya kikapu. Nikamwambia airudishe dukani kama bado ana risiti.