Foklifti ikishuka yenyewe, pampu msiisingizie

"Fundi, foklifti yetu ya ghala la korosho hapa Mtwara ikinyanyua mzigo inashuka yenyewe taratibu, tununue pampu?"

Msinunue kwanza kaka. Pampu ikichoka mzigo unapanda taratibu, ila kushuka injini ikiwa imezimwa haihusiki kabisa maana hata haizunguki. Kama hamna paipu inayovuja nje, mafuta yanapenya kwenye sili za silinda au kontroli vavu. Shusheni uma mpaka chini, kama silinda ina kale kapaipu kembamba ka kurudisha mafuta pale juu kafungueni mkazibe, halafu pandisheni mzigo mdogo kidogo tu, zima injini, na mtu asipite chini yake jamani! Mafuta yakitoka pale kwenye silinda sili zimekwisha, pakiwa pakavu na bado inashuka ni vavu.